Kuhusu makato ya 87,500 kwenye slipu yangu ya Agosti

Kwenu ofisi ya mishahara,

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni Kabula wa chumba cha baridi, shifti C, yule mwandika joto. Naandika kuhusu slipu ya mwezi wa nane, 2025, iliyotoka alhamisi tarehe 28. Kuna hela imekatwa sijui ni ya nini na nimejaribu kujipigia hesabu mwenyewe siku mbili nzima nimeshindwa kuipatia jina.

Mwezi wa saba nilipokea mkononi 511,200. Mwezi huu imeingia 423,700. Mshahara haujabadilika, ni ule ule 620,000 na posho ya usiku 60,000, jumla 680,000. Nimekaa na slipu zote mbili mezani nikapitia mstari kwa mstari. NSSF asilimia 10 yangu ni 68,000, sawa. Kodi, nikitoa NSSF inabaki 612,000, ya kwanza 270,000 haikatwi kitu, kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 inakuja 20,000, na hiyo 92,000 iliyobaki ni asilimia 20 yaani 18,400, kwaiyo jumla 38,400 na ndio iliyoandikwa, sawa kabisa. Ada ya chama cha wafanyakazi 12,400, sawa. Saccos 50,000 niliomba mwenyewe, sawa. Sasa chini ya hapo ndio kuna mstari ambao mwezi wa saba haukuwepo, umeandikwa hivi:

```
OTHER DED 02      87,500.00
```

Basi, hakuna neno lingine. Makato mengine, mengine yapi jamani?

Kwanza nikadhani ni mkopo wa bodi maana kuna mwenzangu wa maabara alianzaga kukatwa ghafla hivyo hivyo. Ila mimi nimesoma VETA sijawahi kuchukua mkopo wa bodi hata shilingi, na hata ningekuwa nao wao wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwangu ingekuwa 93,000 sio 87,500. Nikafikiria advansi. Ni kweli mwezi wa tatu nilichukua 150,000 mama alipolazwa Nansio, lakini ilikatwa 50,000 mwezi wa nne, wa tano na wa sita, slipu zote tatu ninazo na ya mwezi wa sita imeandika salio sifuri. Buti na makoti tulipewa januari na hatujawahi kukatwa.

Ijumaa kwenye chai ndio nikasikia jambo lililonifanya nikae kuandika. Wenzangu wawili wa shifti C nao wana mstari huo huo, hela ile ile 87,500, na mmoja wao mshahara wake ni tofauti kabisa na wangu. Sisi shifti C tuko wanane. Nane mara 87,500 ni 700,000 kamili. Na supavaiza alishawahi kutuambia kwa mdomo tu pale mlangoni, bila karatasi, kwamba "minofu ya ile jumatatu lazima ilipwe na waliokuwepo". Naomba mniambie kama nimekosea, nitafurahi sana kukosea. Ila kama ndio hiyo basi naomba mnisikilize.

Usiku wa jumatatu tarehe 11 umeme ulikatika saa nne na dakika kumi, jenereta ikagoma kuwaka. Mimi nilimpigia fundi wa zamu saa nne na robo, nikapiga tena saa tano kasoro, akafika saa nane kasoro usiku. Muda wote huo mlango wa chumba cha baridi hatukuufungua hata mara moja, tulisimama pale nje na wenzangu, na joto nilikuwa nasoma kwenye kile kioo cha nje kila saa na kuandika kitabuni kama ninavyofanyaga siku zote, lilianza -18 na fundi anafika lilikuwa -9. Kreti za karibu na mlango zililainika na ubora wakazikataa asubuhi. Kitabu kipo, kina saini yangu na ya fundi mwenyewe kwa mkono wake. Sasa kosa la mimi hapo ni lipi? Mimi sio ninayetunza jenereta, sina hata ufunguo wa kile chumba chake. Ningekuwa nimeacha mlango wazi au nimelala ningesema na ningelipa, kazi hii naifanya mwaka wa sita sasa na sijawahi kukataa kosa langu.

Alafu hata kama mtu anaona tuna kosa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 imeweka utaratibu wa kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, aandikiwe chanzo chake ni nini, ni shilingi ngapi na imepigwaje hesabu, na apewe nafasi ya kujibu KABLA ya kukatwa. Mimi sijapata barua wala sijaitwa kikao, wala sijasaini karatasi yoyote ya kukubali deni. Najua pia inasema makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara, na robo ya kwangu ni 170,000, kwaiyo mtu anaweza kusema mbona 87,500 haijafika. Lakini kuwa chini ya robo hakuondoi hayo mengine ya kwanza, huwezi kuruka barua na kusikilizwa ukaenda moja kwa moja kwenye kukata.

Siwalaumu nyie wa mishahara, najua mnaingiza kinacholetwa. Ndio maana naomba mniambie nani ameleta hayo makato na kwa karatasi gani, na nakala nipewe. Na kama karatasi haipo naomba 87,500 yangu irudishwe kabla mwezi wa tisa haujafika katikati, nisisubiri mshahara mwingine, maana kodi ya nyumba Nyegezi nimelipa nusu na mwenye nyumba amenipa mpaka tarehe 15. Pia msikate tena mwezi wa tisa kabla hili halijaisha, kwa sababu kwenye slipu hakuna salio wala idadi ya awamu, sijui kama ni mara moja au ndio imeanza.

Kwa wenzangu siwezi kusema kwa niaba yao, kila mtu ataandika mwenyewe. Nakala ya barua hii nampa mwakilishi wetu wa chama ili ajue.

Nimeambatanisha slipu ya mwezi wa sita, wa saba na wa nane, na picha ya ukurasa wa kitabu cha joto wa ule usiku. Wiki ijayo niko shifti ya mchana, jumatatu tarehe 1 nitapita dirishani kwenu saa saba wakati wa chakula. Kama mhusika hatakuwepo naomba mniachie ujumbe getini ni lini nije.

Asanteni,
Kabula
Chumba cha baridi, shifti C
Mwanza, 30 Agosti 2025