Mama Salum, njoo tuukoge Mwaka pamoja

Assalamu alaykum Mama Salum, shoga yangu.

Nambari hii kanipa Salum mwenyewe. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba, na kabla hajanipa aliniuliza mara mbili kama nia yangu ni njema. Nikamwambia mwanangu, nia yangu kwa mama yako haijawahi kuwa mbaya hata siku moja. Meseji hii ni ndefu. Isome kidogo kidogo, ukichoka iache, utairudia.

Nianze na kilichonifanya niandike. Juzi Zuhura karudi kazini usiku, hata buibui hajavua, kaja kukaa kitandani kwangu. Akaniambia, "Mama, leo Salum kaja na mwanawe, ana homa." Nikanyamaza. Akaendelea kunisimulia kwamba mtoto alikuwa analia, hataki kushikwa na mtu, Salum akamwambia, "Mwamkie shangazi yako huyu." Na kale katoto na homa yake kakasema, "Shikamoo shangazi." Zuhura anasema paji la uso ni lako lile lile, na ukikaona kanavyokunja midomo kakikasirika huna haja ya kuuliza ni mjukuu wa nani. Kisha akaniambia amepewa jina lako. Mimi nilikuwa sijui. Mjukuu wako amepewa jina lako, na mimi napata habari kwa mtu mwingine! Alhamdulillahi homa imeshuka, Salum alimpigia Zuhura siku ya pili kumjulisha.

Shoga, sikulala. Wenye posa yao wanaitana kaka na dada, kila mmoja kaolewa na kaoa na ana maisha yake. Tuliobaki tumenuniana ni mimi na wewe, ambao hatukuwa wachumba wa mtu.

Sikuandikii ili tuanze kupima nani alisema nini. Lakini sitaki pia kujifanya hakukuwa na kitu, kwa sababu wewe si mtu wa kudanganywa kwa maneno matamu. Kumwacha Zuhura amalize chuo cha uuguzi kabla ya harusi sikuona kosa, na mpaka leo sioni. Na wewe kuumia ulikuwa na haki. Ulishawaambia watu wako, ulishanunua begi la bibi harusi na kila kilichomo, Jambiani nzima walikuwa wanasubiri siku itajwe. Mambo haya mawili yote ni kweli, na hakuna linalolifuta jingine. Wakati ule tulidhani lazima mmoja wetu awe mwongo.

Siku tuliporejesha mahari ulisema neno mbele ya wazee. Ulisema, "Huo usomi wa Zuhura umetoka kwenye mwani niliomfundisha mama yake kuufunga." Watu wakashusha macho. Basi mimi nataka nikujibu leo: kweli. Wallahi ni kweli tupu. Na ningependa Zuhura alijue hilo na awahadithie wanawe.

Wewe ndiye uliyenitoa ndani. Mimi nimeletwa mke Jambiani kutoka Makunduchi, simjui mtu, nakaa uani kusuka makumbi. Mwani ulikuwa umeanza pwani yetu 1989, Paje na Jambiani, na wanaume wengi waliokuwa wameujaribu wakaona pesa yake ndogo, wakauacha, wakarudi kwenye uvuvi. Wewe ukaja mlangoni kwangu asubuhi ya bamvu, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, ukasema, "Vaa kanga yako kuukuu twende." Ukanionyesha kuchomeka vijiti mpaka visitikisike, kukaza kamba, kushika kichane cha mwani na kukifunga kwa tai-tai, fundo lisikaze likaukata wala lisilegee ukachukuliwa na maji. Vidole vyako vilikuwa vinakwenda kama vya fundi cherehani. Mimi kila nikifunga kamba moja wewe ushamaliza tatu, na hukunicheka. Ulikuwa unarudi mwanzo wa kamba yangu, unafungua mafundo mabovu bila kusema kitu, unayafunga upya.

Wiki sita baadaye tukavuna. Ile pesa ya kwanza nilinunua ndoo na sare ya skuli ya mdogo wangu. Nilikuwa sijawahi kushika shilingi ambayo sikumwomba mtu.

Halafu hii nyingine sijawahi kukutajia, nadhani kwa sababu nilikuwa naogopa kulia. Baba Zuhura alipolazwa Mnazi Mmoja na mimi nikakaa naye mjini muda mrefu ule, nilijua kamba zangu zimeshaoza, mwani umeshaliwa na samaki, basi. Kumbe wewe ulikuwa unashughulikia zako, ukimaliza unaingia kwenye zangu. Ulivuna, ukaanika, ukapeleka kwenye mzani, ukaja hospitali kwa gari ya shamba imejaa watu, ukafungua pindo la kanga mbele yangu. Pesa zangu zote, na kikaratasi kimeandikwa kilo za kila gunia. Hata nauli yako hukukata. Mtu aliyenifanyia hivi, leo tukae miaka hatupeani salamu kwa sababu ya harusi ya watoto? Hapana, shoga. Nimekataa.

Mama yako alipofariki, Allah amrehemu, nilikuja matangani. Nilikaa nyuma na wanawake waliokuwa wanachagua mchele. Sikukufuata ndani, nilichelea kukuzidishia mzigo siku ile. Nilijua umeniona. Na nilijua zaidi alipokuja mtoto na kikombe, chai haina sukari. Wageni wote walikuwa wanakunywa ya sukari. Nani mwingine pale alijua mimi sinywi sukari? Nikainywa yote. Tangu siku ile nimekuwa najiambia, huyu mlango wake hajaufunga.

Salum ameniambia magoti yanakusumbua, na tangu ulipohamia kwake Fuoni hutoki ukumbini ila kwa kwenda kliniki. Ameniambia pia unauliza habari za mwani kwa kila anayetoka Jambiani, basi nikupe mwenyewe. Kotonii ndiyo imetuhama. Maji yamekuwa ya moto, inapauka, inakatika vipande, unakwenda unakuta kamba tupu. Waliobaki tunalima spinosamu, inavumilia zaidi lakini bei yake unaijua. Baadhi yetu tunasaga kidogo tunapikia sabuni, zinauzika kwa watalii. Fundo lako la tai-tai nimewafundisha wasichana wawili, mmoja ana mkono mzuri kabisa. Mahali pako pale karibu na mkondo hakuna aliyepachukua. Anayeuliza anaambiwa aje kwangu, na mimi nasema pana mwenyewe.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mwezi huu ni Mwaka kwetu. Nataka uje uwe mgeni wangu Makunduchi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda tukiwa bado vijana, tunatoka Jambiani asubuhi kwa miguu kwa njia ya pwani, kanga mpya, wanja mpaka masikioni? Mambo bado ni yale yale. Asubuhi watu wanakwenda baharini kukoga. Baadaye Kae Kuu, wanaume wanapigana kwa migomba, upande huu na upande ule, na sisi tunazunguka uwanja tunawaimbia na kuwasema tunavyotaka. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, aliyemo ndani anatoka mbio, watu wanaangalia moshi unaelekea wapi. Nimezaliwa pale na kila mwaka naona jambo lile lile: watu wawili waliokuwa hawasemeshani wanachapana kwa migomba mpaka inasambaratika, jua likizama wako kwenye sinia moja. Wazee wetu waliweka siku maalumu ya kutoa vinyongo, wala hawakumtaka mtu aeleze sana. Mimi na wewe hatuna ubavu wa kuchapana, magoti yako na mgongo wangu havituruhusu, lakini kwenye sinia tunaweza kukaa.

Na unajua kwetu nyumba haiingii Mwaka bila mgeni. Kaka yangu keshaniuliza, mgeni wako mwaka huu ni nani? Nimemwambia yupo, nasubiri jibu lake. Miaka hii yote mgeni wangu amekuwa yeyote aliyepita njia. Mwaka huu simtaki mwingine.

Usihofu kutembea. Uwanjani tutakwenda kwa gari ya mpwa wangu, atatushusha karibu, kiti nitabeba mimi. Usiku utalala chumba cha chini, choo kiko mlango wa pili, hakuna ngazi. Nitakupikia pweza wa nazi, nimeshamwagiza mtu wa kumpiga alainike vizuri, na boko boko atapika wifi yangu, maana ya kwake unaijua. Ukitaka kuondoka siku ile ile, utaondoka. Ukitaka kukaa wiki, ndiyo furaha yangu. Na ukiwa una neno zito moyoni la kuniambia, lilete vile vile, uniambie tukiwa wawili. Nitalisikiliza mpaka mwisho, sitakukatiza.

Nimenunua doti, jina lake "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nyekundu na nyeusi, zile rangi zako. Sijaikata. Kama zamani, kipande kimoja changu kimoja chako, na safari hii ninakuachia wewe uchague kwanza.

Zuhura anakusalimia sana. Ameniambia nikuandikie maneno yake kama alivyosema: "Mwambie mama mkubwa nina hamu naye, na akija mjini nitamwona hayo magoti mwenyewe." Amesema mama mkubwa, kama alivyokuwa akikuita akiwa mdogo. Hakuna aliyemfundisha.

Salum akikubali atakupandisha gari ya Makunduchi pale Mwanakwerekwe, ile 310, akukalishe mbele kwa dereva. Mimi nitakuwa kituoni kukupokea. Ikiwa gari ni taabu, sema tu, mpwa wangu atakuja kukuchukua mlangoni Fuoni. Na ikiwa mwaka huu huwezi kabisa, basi nipe siku nije mimi. Nitakuja na wanja, mkate wa kumimina na doti yetu, na tutaikata hapo hapo ukumbini kwako.

Huna haja ya kuandika jibu refu. Nibipu tu, nitajua, nitakupigia hapo hapo. Simu yangu siizimi hata usiku.

Mbusie huyo mwenye jina lako, na Salum mwambie nimemshukuru.

Ni mimi shoga yako,
Mama Zuhura