Barua ya kuulizia hali ya dai la matibabu ya baba aliyelazwa bila fahamu

Zuhura Hamisi Mbaruku,
Mtoni Kijichi, Temeke,
Dar es Salaam.

16 Aprili 2025

Meneja wa Madai ya Afya,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

KWA MKONO

Ndugu Meneja,

YAH: HALI YA DAI NA. M/0325/1187, BIMA NA. BA/2021/04417, MGONJWA HAMISI JUMA MBARUKU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa kwanza wa Mzee Hamisi Juma Mbaruku, mwenye bima iliyotajwa. Alilazwa tarehe 3 Machi 2025 kwa kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo, na hadi leo hana fahamu. Naomba kujua dai lake limefikia hatua gani, liko mezani kwa nani, na ni karatasi ipi hasa bado inasubiriwa. Majibu ninayopewa kwenye dawati lenu na kwa simu yanatofautiana, ndiyo maana naandika na kuomba jibu la maandishi.

Mgonjwa alikaa wodi ya wagonjwa mahututi kuanzia 3 hadi 19 Machi akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Tarehe 12 Machi alitobolewa koo ili apumue kwa mrija. Tangu 19 Machi yuko wodi ya uangalizi wa karibu. Anapumua mwenyewe kupitia mrija huo na analishwa kwa mpira wa puani. Taarifa ya daktari ya 14 Aprili inaonyesha alama 7 kati ya 15 kwenye kipimo cha Glasgow. Hafumbui macho akiitwa, hasemi, na hawezi kufuata agizo lolote.

Nimeieleza hali hiyo kwa kirefu kwa sababu, kwa ninavyoelewa, dai limekwama kwenye karatasi mbili ambazo kwa hali yake haziwezi kupatikana.

Ya kwanza ni muhtasari wa kuruhusiwa hospitali. Ofisa wa dawati la madai aliniambia jalada haliwezi kwenda kwa mtathmini wa kitabibu bila huo muhtasari. Mgonjwa hajaruhusiwa. Hospitali hutoa muhtasari siku mgonjwa anapotoka, na haiwezi kuuandika kabla. Naambatisha badala yake taarifa ya kitabibu ya muda yenye sahihi na mhuri wa daktari bingwa: ina ugonjwa, tarehe ya kulazwa, vipimo, matibabu aliyopewa, hali ya sasa na makadirio ya siku zilizobaki. Fomu yenu ya madai, sehemu ya daktari, inasema "muhtasari wa kuruhusiwa au taarifa ya maendeleo ya mgonjwa". Kwa hiyo nadhani utaratibu wenu unaikubali, ila haukufuatwa dirishani. Kama haitoshi, tafadhali mtaje kipengele gani kimepungua ili nimwombe daktari akiongeze mara moja badala ya kuandikiwa taarifa nyingine nzima.

Ya pili ni sahihi ya mwenye bima. Nilishauriwa nikachukue dole gumba lake wodini. Kwa heshima, sitafanya hivyo. Dole gumba lina maana pale mtu anapojua anachokikubali. Kidole cha mtu asiye na fahamu kikishikwa na mwingine na kugandamizwa kwenye karatasi, hicho si kibali chake, na karatasi ya namna hiyo ingeweza kutumika baadaye kulikataa dai lote. Vilevile hati ya uwakilishi wa kisheria niliyoagizwa nilete haiwezekani kuandaliwa sasa, kwani anayepaswa kuitoa ni yeye mwenyewe akiwa na akili timamu.

Ninachoweza kuleta nimekileta: kiapo changu mbele ya wakili kinachoeleza uhusiano wetu na hali ya baba, nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, muhtasari wa kikao cha familia cha 29 Machi, ambamo mama na kaka zangu wawili wameniteua kufuatilia dai hili, ukiwa umegongwa mhuri na Mtendaji wa Mtaa, na barua ya daktari inayothibitisha kwamba mgonjwa hana uwezo wa kusaini. Ninafahamu kwamba taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na silaumu ofisa aliyekataa kunisomea jalada kwa simu. Naomba tu mseme kama nyaraka hizi zinatosha ninyi kuzungumza nami na kupokea fomu iliyosainiwa nami kwa niaba yake. Ikiwa wanasheria wenu wanataka amri ya mahakama, niambiwe sasa, maana hilo halipatikani kwa siku mbili tatu.

Upande wa fedha, hospitali imetoa ankara tatu za muda:

3 hadi 19 Machi: Sh 14,860,000
19 hadi 31 Machi: Sh 4,215,000
31 Machi hadi 15 Aprili: Sh 4,730,000
Jumla: Sh 23,805,000

Kikomo cha kulazwa kwa mwaka kwenye mkataba ni Sh 40,000,000, na ndani yake wodi ya wagonjwa mahututi ina kikomo cha Sh 15,000,000. Hata ankara ya kwanza ikihesabiwa yote upande wa mahututi, bado haijakivuka. Barua yenu ya dhamana ya 3 Machi ilikuwa ya Sh 10,000,000, nayo iliisha kabla baba hajatoka mahututi. Tarehe 17 Machi hospitali iliomba dhamana iongezwe kwa Sh 10,000,000, na ofisi yao ya bima inasema haijapata jibu, si la kukubali wala la kukataa. Kwenu nimeambiwa ombi halionekani. Nakala ya barua pepe hiyo naiambatisha. Jina la mgonjwa limeandikwa humo "Hamisi J. Mbaruku" kama lilivyo kwenye kadi yenu, ilhali kitambulisho cha taifa na ankara vina majina matatu kamili. Huenda ombi limefunguliwa kama la mtu mwingine. Naomba mlitafute kwa namba ya kadi, si kwa jina.

Familia imelipa yafuatayo, na risiti za kielektroniki zote zimo: amana hospitalini 20 Machi, baada ya dhamana kuisha, Sh 3,000,000, skani ya kichwa 3 Machi kwenye kituo cha nje kwa kuwa mashine ya hospitali ilikuwa mbovu siku hiyo, Sh 350,000, gari la wagonjwa, Sh 120,000, na dawa ambazo hazikuwepo duka la hospitali, Sh 486,500. Jumla Sh 3,956,500. Kila risiti ya dawa imebanwa pamoja na cheti cha daktari cha siku hiyo, na skani ina barua ya rufaa.

Kuna jambo hapa lisipoangaliwa litaleta mkanganyiko. Ile amana ya Sh 3,000,000 imo pia ndani ya ankara za hospitali. Mkiilipa hospitali salio lote la Sh 13,805,000 linalobaki baada ya dhamana, basi hospitali ndiyo itakayoturudishia amana, nanyi mtabaki kuturejeshea Sh 956,500 tu. Mkiamua kuturejeshea amana moja kwa moja, hospitali inadai Sh 10,805,000. Njia yoyote sawa kwetu, ilimradi hospitali nayo iandikiwe mmechagua ipi.

Marejesho yasiingizwe kwenye akaunti ya baba wala kuandikiwa hundi kwa jina lake. Hakuna mwingine mwenye idhini ya kutoa fedha kwenye akaunti hiyo, kwa hiyo zitalala humo. Risiti ziko kwa jina langu. Naomba zilipwe kwenye akaunti yangu ambayo maelezo yake yako kwenye fomu ya madai, ukurasa wa mwisho.

Katika mazungumzo ya simu niliulizwa kama baba alikuwa akitibiwa shinikizo la juu la damu. Ndiyo, na mnalo jambo hilo kwa maandishi. Alilitaja kwenye fomu ya kujiunga, akapangiwa ada ya nyongeza, na kinga ilianza 1 Julai 2021. Miezi 12 ya kusubiri kwa magonjwa ya awali iliisha 30 Juni 2022, na bima imehuishwa kila mwaka bila kukatika. Kama kuna mpango wa kulikataa dai au kulipunguza kwa sababu hiyo, naomba uamuzi huo uandikwe pamoja na kifungu cha mkataba mnachokitegemea.

Kwa hiyo naomba mnijibu haya:

1. Dai lilisajiliwa tarehe ipi, na sasa liko hatua gani: usajili, tathmini ya kitabibu, idhini au malipo?
2. Taarifa ya muda na nyaraka za uwakilishi zimekubaliwa? Kama hapana, kinakosekana nini?
3. Ombi la 17 Machi la kuongeza dhamana limeamuliwaje?
4. Sh 3,956,500 zitarejeshwa lini, na kama kuna kiasi kitakachokatwa, ni kipi na kwa nini?
5. Bima inaisha 30 Juni 2025. Baba akiwa bado wodini siku hiyo, kinga ya tukio hili inaendelea au la? Notisi ya kuhuisha naomba itumwe kwangu pia, kwani barua zinazokwenda kwenye simu yake hakuna anayezisoma.

Suala la tatu ndilo la haraka kuliko yote. Hospitali imetujulisha kwamba bila dhamana mpya ifikapo Ijumaa, 25 Aprili, familia itatakiwa kulipa nusu ya salio, yaani Sh 5,402,500. Najua keshokutwa ni Ijumaa Kuu na ofisi hazitafunguliwa tena hadi Jumanne baada ya Pasaka. Hata hivyo naomba jibu la hilo, walau kwa simu au barua pepe kwenda ofisi ya bima ya hospitali, kabla ya Alhamisi, 24 Aprili. Mengine yanaweza kufuata kwa barua ndani ya wiki inayofuata.

Daktari wenu akitaka kumwona mgonjwa mwenyewe, familia haina pingamizi. Saa za kuona wagonjwa ni 10 hadi 12 jioni, na daktari bingwa hupita wodini asubuhi za Jumatatu na Alhamisi.

Nikikosa jibu la maandishi nitaliwasilisha suala hili kwenye kitengo chenu cha malalamiko, na likishindikana huko, kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ningependa limalizikie mezani kwenu.

Tafadhali gongeni mhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yangu.

Wako,

(Sahihi)
Zuhura Hamisi Mbaruku
Kwa niaba ya Hamisi Juma Mbaruku

Viambatisho: taarifa ya kitabibu ya muda ya 14 Aprili 2025, barua ya daktari kuhusu kutoweza kusaini, kiapo, cheti cha kuzaliwa, muhtasari wa kikao cha familia, nakala za vitambulisho na kadi ya bima, ankara tatu za muda, barua ya dhamana ya 3 Machi, barua pepe ya 17 Machi, risiti, vyeti vya dawa na rufaa ya skani (nakala, halisi nitazionyesha dirishani na kuondoka nazo).

Nakala: Ofisi ya Bima, hospitali aliyolazwa mgonjwa.