Riba ya mkopo wako: isiyobadilika au inayobadilika

Mombasa, 20 Agosti 2025

Kwako Bi. Mwanaisha,

Salamu. Ulipokuja tawini wiki jana uliuliza kwa nini fomu yako ya mkopo wa shilingi 2,000,000, wa miaka 5, ina visanduku viwili vya riba. Foleni ilikuwa ndefu nami nikakujibu juu juu, kwa hivyo nakuandikia.

Ukichagua riba isiyobadilika, itakuwa asilimia 16 hadi shilingi ya mwisho. Utalipa takriban 48,640 kila mwezi. Usiichanganye na riba ya chama chenu, ile inayopigwa juu ya mkopo wote hata ukiwa umeshalipa nusu. Yetu, kwa visanduku vyote viwili, huhesabiwa kwenye deni lililobaki tu.

Riba inayobadilika hufuata ile ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo tangu wiki jana ni asilimia 9.5, pamoja na nyongeza yetu ya 4.5. Jumla ni 14, na malipo yanaanzia 46,540. Hiyo nyongeza haiguswi. Kinachopanda na kushuka ni cha Benki Kuu.

Hapo ndipo nataka utulie. Mwanzoni mwa 2022 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilikuwa imefika 13. Miaka miwili tu! Tangu Agosti mwaka huo imekuwa ikishuka, ndiyo maana kila mtu sasa anaitaka hii inayobadilika. Lakini ikirudi 13 ukiwa ndiyo kwanza umeanza kulipa, mkopo wako utakuwa wa asilimia 17.5 na malipo yatapita 50,200. Tutakupa notisi ya siku 30, ila notisi haikulipii.

Uliniambia vyumba vyako vya Bamburi vinakuingizia 70,000 vikijaa, na kwamba Januari wapangaji wawili walihama pamoja, wakati wa karo. Kwa hesabu hiyo, mimi ningechukua isiyobadilika. Hizo 2,100 za ziada kila mwezi ni bei ya kujua mapema utakacholipa, na si ndogo, sikatai.

Kuna jambo moja linaloweza kugeuza ushauri wangu. Ukilipa deni lote kabla ya muda, riba isiyobadilika ina ada ya asilimia 3 ya salio, inayobadilika haina. Kama kile kiwanja cha Mtwapa kweli utakiuza mwakani ufunge deni, basi inayobadilika ndiyo yako. Kama ni maneno ya dalali tu, usikihesabu.

Fomu yako ninayo, bado haijatiwa alama. Njoo Jumanne kabla ya saa nne asubuhi, tukijaze kisanduku pamoja.

Wako,
Omar Shee
Afisa wa Mikopo