Kurudi, mstari wa tatu ukigeuka

Dada yangu,

Sarafu tatu ulizorusha mara sita, ukinitajia matokeo kuanzia chini kwenda juu, zimetoa 7, 8, 6, 8, 8, 8. Kila tarakimu ni mstari mmoja: 7 ni mzima, 8 na 6 ni iliyokatika. Hiyo ni heksagramu, yaani umbo la mistari sita, ya 24 katika Yi Jing, kitabu cha kale cha Wachina cha mabadiliko. Jina lake ni Fu, yaani Kurudi. Uliuliza kama baba watoto atarudi, na najua moyo umeruka uliposoma jina hilo. Tulia kwanza.

Tazama umbo lenyewe: mstari mmoja mzima chini kabisa, mitano iliyokatika juu yake. Ni radi ndani ya ardhi. Wachina huihusisha na usiku mrefu kuliko zote, mwezi wa Desemba, mwanga unapoanza kurejea kidogo kidogo. Maandishi yanasema wafalme wa zamani siku hiyo walifunga malango ya mipaka, wachuuzi na wasafiri wasitembee. Kitu kichanga namna hiyo hakikimbizwi. Kwa hiyo zile simu za saa tano usiku, ziache kwa sasa. Na "siku ya saba" inayotajwa humo usiitafute kwenye kalenda. Mistari ni sita, wa saba ni duru kuanza upya.

Jibu lako hasa liko kwenye ile 6. Sarafu zote tatu zililala upande unaohesabiwa mbili, na mstari wa namna hiyo hugeuka. Mstari huo unasema: kurudi tena na tena, hatari, hakuna lawama.

Uliniambia aliondoka mara mbili kabla ya talaka. Kila mara alirudi na begi lilelile, nyumba ikachangamka wiki chache, kisha ukimya ukaanza tena mezani. Nikuambie ninavyousoma: simwoni mtu aliyepotea moja kwa moja. Namwona anayeweza kabisa kurudi, ila kwa njia ileile aliyoizoea. Hatari imewekwa hapo, kwenye kwenda na kuja kwake. Na hayo maneno "hakuna lawama" yasome polepole, maana tangu tuanze kuzungumza umejilaumu kwa kumfungulia mlango mara ya pili. Kitabu hakikulaumu. Wala mimi.

Mstari huo ukigeuka, tunapata heksagramu ya 36, Ming Yi: ardhi juu ya moto, nuru iliyojeruhiwa. Mwenye nuru huificha ndani isizimwe. Kwako naiona kwenye fedha zako za kikoba na kile chumba ulichoanza kushonea nguo. Vitunze, endelea navyo, na usimsimulie habari za vitu hivyo akipiga simu.

Akibisha hodi, zungumzeni barazani kwanza. Aseme ni nini kimebadilika tangu mara ya pili, na wewe usikie mpaka mwisho kabla hujainjika chai.