Ridhaa ya upasuaji wa mtoto wa jicho: jicho la kulia

Mzee, karatasi hii utasomewa taratibu, mwanao akiwa kando yako. Usipoelewa, msimamishe msomaji. Usiweke dole gumba mpaka utueleze kwa maneno yako ni jicho lipi, litafanywa nini, na hatari zake ni zipi.

Nyuma ya mboni kuna lenzi inayopitisha mwanga. Lenzi ya jicho lako la kulia imeingia ukungu. Huo ndio mtoto wa jicho. Hakuna matone, miti shamba wala miwani inayoutoa. Unatolewa kwa upasuaji tu.

Hutalazwa usingizi. Utachomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Sindano itauma kidogo. Baada ya hapo hutasikia maumivu, ila utahisi unaguswaguswa. Daktari atatoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia, itakayobaki humo maisha yako yote. Kazi huchukua kama nusu saa. Usitikise kichwa. Ukitaka kukohoa, sema kwanza.

Wengi huona vizuri zaidi baadaye. Hatukuahidi macho ya ujana, hasa kama kisukari au presha ya macho imeshaharibu sehemu ya nyuma. Ya kusomea huenda ukahitaji miwani.

Sasa hatari. Tunayoiogopa kuliko zote ni vijidudu kuingia ndani ya jicho. Humpata karibu mtu 1 kati ya 1,000, lakini akichelewa kutibiwa anaweza kupoteza jicho. Kwa hiyo jicho likianza kuuma sana, likawa jekundu zaidi au ukaona giza, njoo siku hiyo hiyo, hata usiku, hata kama huna nauli ya kurudi. Tutajua la kufanya ukishafika. Pia jicho linaweza kuvuja damu ndani, au kifuko kinachoshika lenzi kikachanika, ukahitaji upasuaji mwingine.

Kama unameza vidonge vya tezi dume, au uliwahi kumeza, tuambie leo. Vingine hulegeza mboni na kumpa daktari kazi ngumu. Tuambie pia kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, ila usiache dawa yoyote mwenyewe.

Unaweza kukataa, au kubadili nia hata ukiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Hakuna atakayekukasirikia, na utaendelea kutibiwa hapa. Usipofanyiwa, ukungu utazidi kuwa mzito.

Maneno ya mgonjwa: Nimesomewa yote, nimeuliza na nimejibiwa. Nimeeleza mwenyewe nilichoelewa. Sikulazimishwa na daktari wala na wanangu. Nakubali kupasuliwa jicho la kulia, si la kushoto. Naweka hapa dole gumba la mkono wa kushoto, mwanangu akishuhudia kwa saini yake.