Maji Yakitoka Usiku, Yakinge ya Siku Kumi

Wakazi wa Dodoma, mvua hazitarajiwi kuanza hadi karibu Desemba. Mgao ukianza, ndoo tatu hazifiki jioni. Tenki la lita 1,000 likijaa, familia inayotumia lita 100 kwa siku ina maji ya siku 10. Halileti maji bombani, tusidanganyane. Linakupa pa kuyahifadhi yanapotoka, usiamke kukimbizana na mikokoteni.

Chujio letu la kauri huondoa tope na vijidudu vingi. Chumvi ya kisima haliondoi. Kama shida yako ni chumvi tu, usilinunue.

Hadi 30 Septemba: tenki shilingi 185,000, tunakuletea bure ndani ya mji. Chujio 65,000. Tupo Majengo, karibu na soko. Njoo na vipimo vya mahali utakapoweka tenki.