Nyota reli sifuri sita reli

Simu ya Ayubu ilikua haijafa ila ilikua nusu mfu. Upande wote wa kulia wa kioo haushiki, yani 3, 6 na 9 ukibonyeza ni sawa na kubonyeza ukuta, na namba yake ya siri ya hela ina 9 mbili. Kwahiyo kila akitaka kununua hata bando la buku anailaza simu ubavu ili kibodi ihame kidogo, anabonyeza haraka haraka kabla haijajirudi, siku nyingine inakubali siku nyingine inakataa mara tatu mpaka anaogopa akaunti itafungwa. Mwaka wa pili chuo, Dodoma, 2023, asaimenti zote zinatumwa kwenye grupu la wasap, notsi ziko kwenye simu, na yeye anasomea kwenye kioo chenye ufa kutoka kona hadi kona.

Boom ilipoingia alilipa madeni ya kantini, akanunua mchele na mafuta, ikabaki laki mbili na kumi. Usiku huo huo ndo akakutana na lile tangazo.

Samsung Galaxy A54, mpya, ndani ya boksi, laki mbili na sitini. Chini yake: ofa ya wanafunzi, zimebaki 4. Ayubu alikua anajua kabisa hiyo simu dukani inacheza laki nane na kuendelea, maana wiki mbili kabla aliishika mkononi pale mjini akairudisha taratibu kwenye kabati la kioo, dada wa duka anamwangalia. Alijua bei. Naomba hili lieleweke, maana watu huwa wanasema aliyetapeliwa ni mjinga, hapana, Ayubu alijua bei na ndo maana moyo ulimwenda mbio, alihisi ameona kitu ambacho wenzake bado hawajakiona.

Akaandika "mambo kaka, A54 bado ipo?" Jibu likaja ndani ya dakika moja.

"Ipo mdogo wangu. Mzigo umetoka bandarini, mwenye mali anataka kumaliza leo kesho, ndo maana bei iko hivyo. Uko chuo gani?"

Ona hilo swali la mwisho. Akaambiwa chuo, akasema aah huko nimetuma tatu wiki iliyopita, zikafuata picha za vijana wameshika maboksi wanacheka, na risiti ya basi, na vidio fupi ya mtu anachana nailoni ya boksi jipya, ile sauti ya nailoni inavyochanika Ayubu aliirudia mara nne kitandani na sauti ameipunguza ili mwenzake wa chumbani asiamke.

Akauliza duka liko wapi. "Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ila sasa hivi duka lina ukarabati tunauza kwa mtandao tu." Akauliza kama anaweza kulipa nusu, nyingine akipokea mzigo stendi. "Mdogo wangu kwa bei hii nusu haiwezekani, nikifanya hivyo bosi ananifukuza. Ukituma saa 4 asubuhi, saa 5 mzigo uko kwenye basi, usiku uko nayo." Afu akaongeza, "zimebaki 2."

Pengo lilikua elfu hamsini. Asubuhi Ayubu akaenda kukopa kwa watu wawili, mmoja hana, mwingine akamwambia subiri jioni. Jamaa wa simu anapiga. Sauti nzuri, ya upole, ya mtu mzima anayekuhurumia. "Mwanangu nimekuwekea pembeni moja, ila kuna mtu wa Mwanza anaitaka, nikupe mpaka saa ngapi?" Akasema saa sita. Hapo ndo akampigia mama yake, na alikua amejiapiza kabisa hatamwambia mama kuhusu hii simu mpaka iwe mkononi.

Mama yuko Singida, anauza alizeti na karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, naomba uniazime elfu hamsini, nakurudishia boom ijayo. Kuna simu nimepata, kwa bei nzuri sana."

Kimya kidogo. Anasikia upande wa pili mtu anapepeta kitu kwenye ungo.

"Umeishika?"

"Inatoka Dar mama, inakuja na basi."

"Sijauliza inatoka wapi baba. Umeishika?"

Ayubu akaanza kueleza, picha, risiti, vidio, wanafunzi wenzake. Mama akamwacha amalize mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Alizeti."

Basi Ayubu akanyamaza, maana kwao hilo neno lina historia. Mwaka 2015 mama alinunua simu mnadani, elfu arobaini na tano, boksi zuri linang'aa, chaja na spika za masikioni humo humo, muuzaji anaapa ni orijino. Baadae serikali ikatangaza kwamba simu feki zitazimwa, redioni wakasema weee, hakikisheni simu zenu, tuma namba ya IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenda 15090 utajibiwa simu yako ni ipi. Mama hakuhakiki, kwa sababu alikua na boksi. Usiku wa Juni 16, 2016 zikazimwa, na ya kwake ikawemo. Ayubu alikua kidato cha kwanza, anakumbuka mama asubuhi anaipiga piga ile simu kwenye kiganja, anatoa betri anairudisha, anatoa laini anaipuliza. Wiki ile ndo mnunuzi wa alizeti alikua apige, walikua wamekubaliana magunia 8. Alipiga hakupata, akachukua kwa mtu mwingine, mama alivyokuja kumpata kwa simu ya jirani gari limeshaondoka limejaa. Yale magunia yaliuzwa baadae kwa bei ya kutupa, na ada ya muhula wa pili ilichelewa mpaka Ayubu akarudishwa nyumbani siku tisa.

Baada ya pale mama alichukua mkaa akaandika ukutani juu ya mtungi wa maji: *#06# na chini yake 15090. Darasa la saba ndo alipoishia, mwandiko wake ni mkubwa, ile alama ya reli ameichora kama ngazi. Ayubu amekula chakula chini ya hayo maandishi miaka yote ya sekondari mpaka akaacha kuyaona.

"Mwambie akutumie namba ya hiyo simu, uitume 15090. Afu unipigie."

Akamwandikia jamaa. Jamaa hakusita hata kidogo, akatuma picha ya boksi, ile stika ya pembeni, tarakimu 15 zinasomeka vizuri. Ayubu akazinakili, kwa shida maana zina 3 na 6 za kutosha, akatuma. Meseji ikarudi: Samsung, na modeli inalingana na A54.

Jasho likamtoka la furaha. Akatoka mbio mpaka kwa wakala nje ya geti, akapanga foleni, saa sita kasoro dakika kumi na mbili, akampigia mama huku ameshatoa hela zake zote mfukoni amezikunja mkononi. "Mama imekubali! Nimetuma 15090 imekubali, ni Samsung kweli. Nitumie hiyo hamsini."

"Namba umeitoa wapi?"

"Kwenye boksi, kanipigia picha."

"Baba, hata mimi nilikua na boksi."

Ayubu kwenye foleni watu wawili mbele yake. Mama anaongea taratibu, kama anavyohesabu madebe. "Boksi mtu yeyote analipiga picha, hata la dukani kwa mwenzake. Mwambie aiwashe simu yenyewe, abonyeze nyota reli sifuri sita reli, wewe unaona kwa macho yako, uso kwa uso kwenye vidio. Namba itakayotokea pale ndo ifanane na ya boksi. Akifanya hivyo hamsini nakutumia na nauli ya kuifuata juu."

Akatoka kwenye foleni. Anasema hicho ndo kitu kigumu alichofanya siku ile, kutoka kwenye foleni, maana nyuma yake kulikua na watu saba na jua la saa sita la Dodoma mnalijua.

"Kaka samahani, naomba tupigiane vidio dakika moja, uiwashe uibonyeze *#06# niione."

Tiki mbili za bluu. Anaandika. Anaacha. Anaandika.

"Mtandao huku mbovu."

"Basi nirekodie tu, sekunde kumi, utaje na jina langu."

"Simu mpya haifunguliwi mdogo wangu, nailoni ikichanwa inakua sio mpya tena."

Ayubu akakumbuka ile vidio ya nailoni. Akaandika, "lile boksi la jana si ulilichana mwenyewe?"

Hapo ile sauti ya upole ikapiga, na haikua ya upole tena. Unanipotezea muda, unafikiri mimi mwizi, wanafunzi wa siku hizi mna njaa na dharau, kuna watu wana hela zao hapa. "Unatuma hutumi?" Ayubu anasema alikua karibu aombe msamaha. Kweli, mdomo ulishafunguka kusema samahani kaka, kwa sababu katulea hivyo mama, mkubwa akikasirika unaomba radhi. Ila akasikia mwenyewe anasema, "nibonyezee kwanza."

Simu ikakatwa. Akijaribu kuandika, meseji ina tiki moja. Picha ya wasifu haipo tena. Tangazo akalitafuta halionekani upande wake.

Alikaa kwenye jiwe pembeni ya kibanda cha wakala, hela bado ziko mkononi zimelowa jasho, laki mbili na kumi, akazihesabu mara mbili. Akaituma namba ya yule jamaa kwenda 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Halafu akampigia mama na kabla hajasema kitu mama akauliza, "kakataa?"

"Kakataa mama."

"Haya. Nenda kwa fundi ukabadilishe kioo."

Kioo kilimchukua elfu sabini mjini, fundi kibaraza, sio kizuri kama cha kwanza, rangi imepauka kidogo pembeni, ila 9 inashika.

Siku tatu baadae mwenzake wa chumbani, Elia, kaingia mbio simu mkononi, "oya Ayubu njoo uone, A54 laki mbili na arobaini, nimeshaongea na jamaa, zimebaki 2." Picha zile zile, vijana wale wale wanacheka, namba tu ndo tofauti. Ayubu akaanza kumweleza, Elia anatikisa kichwa, anasema huyu wa kwangu ni tofauti, huyu kanitumia mpaka namba ya boksi, nimehakiki imekubali.

Ayubu hakubishana nae. Akabonyeza jina la mama, akaweka spika ya nje, akailaza simu kitandani katikati yao.

"Shikamoo mama. Niko na Elia hapa, anataka kununua simu."

"Marahaba. Elia mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeishika?"